Ametoka, Lakini Bado Yupo: Kumwondoa Mtu Kwenye Picha ya Zamani Bila Kuharibu Chembe Zake

Hii ni hotuba niliyoitoa Mtwara mjini mbele ya wapiga picha na wenye stesheneri wa Mtwara na Lindi. Wenzetu wa Newala, Masasi na Kilwa ambao hawakuweza kufika waliomba niiweke yote, basi hii hapa. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kamera, habari za asubuhi. Nimeambiwa nisizidishe saa moja kwa sababu kuna watu wana harusi ya kupiga mchana, nami najua mpiga picha akichelewa harusini hasemehewi, hata kama bwana harusi mwenyewe kachelewa.

Naomba nianze kwa kuungama.

Miaka michache nyuma, msimu wa korosho umechangamka na watu wana chochote mfukoni, alinijia kijana mmoja kutoka Mikindani. Alikuwa na bahasha, ndani yake picha ya nyeusi na nyeupe, ndogo, sentimita 9 kwa 12, na nyuma yake imeandikwa kwa wino: 1967. Watu wanane mbele ya nyumba ya mawe na chokaa. Wanne wameketi, wanne wamesimama nyuma yao. Aliyeketi wa pili kutoka kulia ni shangazi yake, binti mbichi wakati huo, kajitanda kanga. Nyuma yake amesimama mwanamume mwenye koti jeusi, mkono wake umetua juu ya bega la yule binti.

Kijana akaniambia, "Huyu alikuwa mume wake. Shangazi anataka picha ya wazazi wake ukutani, lakini amesema huyu akiwepo, picha haiingii ndani."

Nikamwambia, rudi kesho. Kazi ya jioni moja, nilijiona fundi. Nikachukua zana ya kunakili, brashi kubwa laini, nikabeba chokaa ya ukutani, nikampaka yule bwana mpaka akaisha. Kwenye skrini, safi kabisa. Nikaisafisha kwa ukubwa wa A3, nikaweka fremu, nikaipeleka mwenyewe mpaka Mikindani.

Bibi yule aliipokea, akatoka nayo barazani penye mwanga, akaiinua, akaitazama kwa muda. Kisha akanirudishia. Akasema, "Baba, ametoka. Lakini bado yupo."

Nikatazama. Wenzangu, alikuwepo. Ukuta wote una ule uchangauchanga wa picha ya zamani, lakini pale aliposimama yule bwana palikuwa laini kama plastiki. Umbo lile lile: kichwa, mabega, mpaka kiwiko. Nilikuwa nimeondoa sura, nikaacha mzimu.

Leo nataka kuzungumza juu ya mzimu ule. Unatoka wapi? Na unaondokaje?

Tuanze na chembe zenyewe, yaani ule uchangauchanga. Filamu ya nyeusi na nyeupe ina chumvi za fedha zilizotawanywa ndani ya jelatini. Nasema fedha ya bangili na pete, siyo ya mnada wa korosho. Mwanga ukizigusa, na dawa ikapita, zinageuka kuwa fedha halisi, nyeusi, na zinajikusanya vifundovifundo bila mpangilio. Ukikuza negativu kwenye karatasi, vifundo vile ndivyo unavyoviona kama uchangauchanga. Wazee wetu mliofanya kazi chumba cha giza mnalijua hili kwa vidole, sina la kuwafundisha.

Neno la kushika hapo ni moja: bila mpangilio. Hakuna sehemu mbili za ukuta ule zenye vifundo vilivyokaa sawa. Sasa fikiria brashi laini. Katikati yake inafunika kabisa, lakini kingo zake zinachanganya: nusu picha ya zamani, nusu chokaa uliyoileta. Pale penye kifundo cheusi kwenye picha ya chini, chokaa ya juu pengine ina tundu jeupe. Ukivichanganya nusu kwa nusu unapata nini? Kijivu. Ni kama kutandika nyavu mbili za dagaa moja juu ya nyingine: matundu ya huu yanazibwa na nyuzi za ule.

Na hili lina hesabu. Ukichanganya nusu kwa nusu chembe mbili zisizohusiana, nguvu ya uchangauchanga haibaki ilivyokuwa. Kama ilikuwa 10, inashuka mpaka 7. Pitisha brashi tena juu yake, inashuka tena. Mimi jioni ile nilipitisha brashi mara ngapi? Sikuhesabu. Nilikuwa napiga pasi.

Kwa hiyo ondoeni wazo kwamba chembe zinaharibiwa na kompyuta mbovu au programu ya bure. Zinaharibiwa na ulaini. Kingo laini, mchanganyo, kivuli cha kuyeyushia. Kila tulichofundishwa kuwa ndiyo ustadi wa kuficha maungio, kwenye picha ya chembe ndicho kinachotuumbua.

Na mara nyingine tunaziua kabla hata ya kuanza. Kuna mwenzetu hapa, simtaji, huwa anapiga picha ya picha kwa simu. Simu inasafisha uchangauchanga yenyewe bila kukuuliza, kisha inabana faili kuwa JPEG na kukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8. Ukiikuza unakuta vigae, chembe hakuna. Weka picha kwenye skana. Ile ya Mikindani niliiskani upya kwa dpi 1200, kijivu cha biti 16, faili la TIFF, nikapata pikseli kama 4,200 kwa 5,600. Na kwenye skana nilizima kila kitu: kusafisha vumbi, kunoa, kuongeza mwanga. Vumbi nitalitoa mwenyewe.

Haya. Tumejua ulaini ndio mwuaji. Lakini je, brashi ngumu peke yake inatosha?

Haitoshi, na hii ndiyo aibu yangu ya pili. Nilirudi nyumbani, nikasema sasa natumia brashi ngumu, `Hardness` 100, hakuna kingo laini. Chembe zikabaki nzima, ndiyo. Lakini ukuta ule haukuwa na mwanga mmoja. Jua lilikuwa linatoka kushoto, kwa hiyo chokaa inafifia polepole kuelekea kulia. Kipande nilichokitoa kushoto kikakaa kulia kama kiraka cha suruali. Chembe sawa, mwanga tofauti, na mstari wa maungio unaonekana kutoka mlangoni.

Mnaona mtego? Mwanga unataka brashi laini. Chembe zinataka brashi ngumu. Na vyote viwili vimo kwenye picha moja.

Jawabu ni kuvitenganisha. Weka mwanga kwenye leya yake, weka chembe kwenye leya yake, kila mmoja umtibu kwa dawa yake. Nitasema ninavyofanya kwenye GIMP, kwa sababu ni ya bure na wengi wetu ndiyo tuliyonayo.

Unanakili leya ya picha. Ile nakala ya juu unaitia ukungu kwa `Gaussian Blur`. Kiasi gani? Ongeza polepole ukitazama ukuta: simama pale chembe zinapopotea huku mikunjo mikubwa ya nguo bado inaonekana. Kwa picha ile ilikuwa pikseli 6. Leya hii iite toni. Sasa ibadilishe hali yake iwe `Grain extract`. Skrini inageuka kijivu, imebaki michanga na mistari myembamba ya kingo za watu. Chukua kinachoonekana kiwe leya mpya kwa `New from Visible`, iite chembe. Halafu rudisha toni iwe `Normal`, na chembe iliyo juu yake iwe `Grain merge`. Picha inarudi kama ilivyokuwa, kana kwamba hujaigusa. Hesabu inayofanyika ni hii tu:

```
chembe = asili - toni + 128
picha  = toni + chembe - 128
```

Ile 128 ni kijivu cha katikati kwenye mizani ya 0 hadi 255. Penye kijivu hicho kwenye leya ya chembe, hakuna kinachoongezwa wala kupunguzwa.

Rahisi, siyo? Nami nilidhani hivyo. Nikatenganisha kwanza, kisha nikaanza kumfuta bwana yule kwenye toni. Nikamaliza, nikakuta amezungukwa na ukungu mweusi, kama moshi wa kibatari. Kwa nini? Kwa sababu nilitia ukungu akiwa bado yumo. Koti lake jeusi lilivuja pikseli kadhaa kila upande: kwenye chokaa, kwenye kanga, kwenye shavu la jirani yake. Na kwenye leya ya chembe kingo zake zilikuwa zimechorwa kama kwa sindano. Nilimtoa yeye, nikauacha uvujaji wake.

Kwa hiyo utaratibu ni kinyume cha nilivyofanya. Sikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka.

Kwanza mtoe kwa ukatili. Brashi ngumu, `Opacity` 100, nakili chokaa juu yake mpaka koti lote liishe, hata likionekana kiraka. Usijali kiraka. Chukua chokaa kutoka sehemu tatu nne tofauti, isije doa moja la ukutani likajirudia kama chapa ya kitenge. Fremu ya mlango aliyokuwa ameifunika, iendeleze kwa kuteremsha kipande cha juu yake. Ndipo utenganishe, wakati yeye hayupo tena wa kuvuja. Kisha nenda kwenye toni, na toni peke yake, ulainishe maungio kwa brashi laini unavyotaka. Paka, yeyusha, piga pasi. Chembe ziko leya ya juu, huzigusi.

Kiraka changu cha suruali kiliyeyuka kwa dakika kumi. Nilikaa nikautazama ule ukuta, nikacheka peke yangu usiku.

Lakini nilicheka mapema, kwa sababu nilikuwa sijafika kwenye mkono.

Mkono ule juu ya bega. Ukuta ni ukuta, unaweza kuukopa popote. Lakini chini ya vidole vinne vya yule bwana kulikuwa na nini? Kanga, na pindo lenye korosho. Filamu haikuona kilichokuwa chini ya mkono, na hakuna programu itakayokiona leo. Unachoweza ni kubuni kwa heshima. Bahati nzuri pindo lile lilipita pia kwenye bega la kushoto, na pindo la kanga hujirudia. Nikalichukua, nikaligeuza kulia-kushoto, nikalizungusha digrii kama 4 lilale na bega.

Kugeuza kulia-kushoto hakuna madhara kwa chembe: kila pikseli inahama nzima kama ilivyo. Ila angalia upande wa jua, vivuli vya mikunjo visije vikageuka nawe. Lakini kuzungusha digrii 4? Hapo kompyuta inalazimika kukisia pikseli mpya kutoka kati ya zile za zamani, na kukisia ni kuchanganya, na kuchanganya ni ule ulaini tulioukimbia. Kupunguza na kukuza ni hivyo hivyo. Kanga yangu mpya ikakaa vizuri kwa umbo, chembe zake zimelala usingizi.

Basi nikafanya hivi: kwenye kile kipande kilichozungushwa nikachukua umbo na mwanga tu. Chembe nikazitoa kwingine, bila kuzungusha. Kwingine wapi? Nikabeba za ukutani, karibu tu. Unajua ilivyoonekana? Bega limenyunyiziwa pilipili manga.

Chembe hazina nguvu moja picha nzima. Kwenye picha nyingi zinasimama sana penye kijivu cha kati na kijivu cheupe, zinalala kwenye weusi mzito, na weupe uliochomeka kabisa hauonyeshi kitu. Chembe za chokaa ni za chokaa. Kanga nyeusi inataka chembe za kitambaa cheusi kama chenyewe.

Na usikisie kwa macho, pima. Fungua `Histogram`, nenda kwenye leya ya chembe, chagua kisanduku cha pikseli kama 60 kwa 60 mahali patupu pasipo mstari wala mkunjo, usome `Std dev`. Hiyo ndiyo nguvu ya uchangauchanga. Kwenye mizani ya 0 hadi 255, ukuta wangu ulisoma karibu 9. Kanga kwenye kivuli, karibu 5. Kiraka cha bega nilichokizungusha, 3. Na ile kazi yangu ya kwanza, ile aliyoikataa bibi? Nilirudi nikaipima kwa shauku. Ilikuwa 2. Mbili, ndani ya ukuta wa tisa! Bibi yule hakuhitaji `Histogram`.

Nikazitoa chembe kwenye kanga ya mama aliyekaa kando yake, kivuli kwa kivuli, nikahamisha kwa brashi ngumu. Ikasoma 5. Pilipili ikaondoka.

Mwenzetu mmoja aliniuliza asubuhi pale nje: je, kama hakuna mahali pa kukopa? Picha imejaa watu, kila kona nguo za aina yake. Hapo unazitengeneza. Leya ya kijivu cha 128, `RGB Noise`, ondoa tiki ya `Independent RGB` zisitoke za rangi, weka ya `Gaussian distribution`. Lakini usiishie hapo! Uchanga wa kompyuta ni wa pikseli moja moja, mkali kama changarawe. Kifundo cha filamu kwenye skani ya 1200 kinachukua pikseli kadhaa. Kwa hiyo utie ukungu kidogo, kama pikseli 1, ukilinganisha na vifundo halisi kwa ukubwa wa 100%. Ukungu huo unaangusha nguvu yake mpaka zaidi kidogo ya robo. Ukitaka 9 mwishoni, anza na kitu cha 32 hivi. Wengi wanaanza na 9, wanatia ukungu, wanabaki na mbili na nusu, kisha wanasema njia hii haifanyi kazi.

Namba zikilingana, je, umemaliza? Bado. `Std dev` inakwambia nguvu, haikwambii ukubwa wa kifundo. Changarawe na unga vinaweza kusoma namba moja. Kwa hiyo kuna jaribio ninalolifanya kabla ya kusafisha, na ndilo ninaloliamini kuliko jicho langu. Ninakili leya ya chembe, niiweke peke yake katika hali ya `Normal`, nifungue `Levels` na kubana kutoka 100 mpaka 156. Uchanga wote unapiga kelele. Hapo, kama kuna mzimu, unasimama mbele yako: kichwa, mabega, kiwiko. Ile kazi ya kwanza nilipoipitisha kwenye jaribio hili, yule bwana alionekana wazi kuliko kwenye picha ya asili.

Ya pili ilionyesha kosa moja tu, ukanda mwembamba chini ya kiwiko, ambapo nilikuwa nimepitisha zana ya `Heal` kwa uvivu. `Heal` inachanganya, na karibu na kitu cheusi inavuta weusi. Nikarudia pale kwa kunakili.

Niseme neno moja kuhusu nani tunamtoa, halafu niwaachie. Mwaka huo huo alinijia mtu mwingine, na picha ya ndugu watano mbele ya shamba la mikorosho. Alitaka wabaki wanne. Nikauliza kisa, akasema ni mambo ya familia. Nikauliza tena, ikatoka: mirathi, na picha inakwenda kuonyeshwa mbele ya baraza. Nikamrudishia bahasha yake. Alikwenda kwingine, na nadhani alipata. Kwangu, kila picha niliyomtoa mtu ina maandishi nyuma yake, kwa penseli laini: ni nakala, mtu mmoja ameondolewa. Na faili la skani ya asili siligusi kamwe.

Wakati wa Stalin kule Muungano wa Kisovieti, picha yake na Nikolai Yezhov, aliyekuwa mkuu wake wa polisi wa siri, kando ya mfereji wa Moscow na Volga ilifanyiwa kazi hii hii. Yezhov aliuawa 1940, na kwenye picha mahali pake pakawa maji ya mfereji. Walikuwa mafundi wazuri. Sisi wa stesheneri tuchague kazi zetu.

Nilirudi Mikindani na A3 ya pili. Bibi akatoka barazani, akainua. Akainamisha upande huu, upande ule. Nilikuwa najua anatafuta nini. Hakumwona. Kisha akaweka kidole kwenye bega lake mwenyewe, pale kwenye kanga, kwenye mkunjo mdogo ulioshuka kutoka kwenye korosho ya pindo.

"Na hapa?"

Ulikuwa mkunjo wa halisi, kitambaa kilivyokunjamana chini ya uzito wa mkono. Vidole nilivitoa, mkunjo nikausahau, kwa sababu chembe zake zilikuwa sahihi. Nilitumia wiki nzima nikisaka chembe, na kitambaa chenyewe sikukitazama. Nikamwambia naondoka nayo, naurekebisha, naleta kesho.

Akasema, "Acha. Atakayeuona ni mimi tu."

Basi ndugu zangu, skana iko meza ile ya nyuma, na umeme tunashukuru upo. Mliokuja na picha zenu leteni, tuanze na zenye ukungu wa bahari, maana hizo zikisubiri jua la mchana zinajikunja.